Upweke wa Wawili Baada ya Watoto Kuondoka

Upweke ndani ya ndoa ni hali ya kukosa mtu wa kumwambia yaliyo moyoni huku mtu huyo yumo ndani ya nyumba. Mwanasosholojia wa Marekani Robert Weiss, katika kitabu alichokitoa mwaka 1973, aliugawa upweke mara mbili. Upo upweke wa kukosa watu, ambao humpata mgeni aliyehamia mji asikomjua mtu, na huo hutibiwa na majirani, kikundi, msikiti au jumuiya. Upo pia upweke wa kukosa mtu mmoja wa karibu, na huu hautibiwi na umati. Mke anayetoka kwenye kikao cha vicoba alikocheka mchana kutwa anaweza kufungua mlango wa nyumba yake jioni akahisi baridi. Mume anayesalimiwa na mtaa mzima akielekea kijiweni anaweza kurudi akakaa sebuleni saa tatu nzima bila kuulizwa lolote. Hao hawana uhaba wa watu. Wana uhaba wa mmoja.

Hali hii hujitokeza zaidi mtoto wa mwisho anapoondoka, na sababu yake ni rahisi kueleza. Kwa miaka ishirini na zaidi watoto ndio waliokuwa lugha ya ndoa. Ada ya shule, sare, homa ya usiku, matokeo ya mtihani, mahafali: kila siku ilileta jambo la lazima kusemwa, na wazazi walisema. Wengi walidhani wanazungumza wao kwa wao, kumbe walikuwa wakizungumza juu ya watoto. Hata majina yao yalibadilika. Aliyeitwa kwa jina lake wakati wa uchumba akawa Mama Neema, na mwenzake akawa Baba Neema, na Neema alipoondoka wakabaki wawili walioitana kwa jina la mtu asiyekuwepo.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki upweke huu hujificha, kwa sababu nyumba haibaki tupu kabisa. Yuko mjukuu aliyeletwa asome karibu, yuko mpwa anayetafuta kazi, yuko dada wa kazi. Mgeni akiingia huona nyumba iliyojaa. Kuna pia safari za kulea. Binti anajifungua Dar es Salaam, mama anaitwa kwa ajili ya arobaini, na arobaini inageuka miezi minane kwa kuwa binti karudi kazini na hakuna wa kumwachia mtoto. Baba naye ana ujenzi kijijini au shamba la kusimamia. Hakuna anayeuliza, kwa maana sababu zote ni za heshima. Huko ndiko kutengana kwa kimya, na pengine ndiko kutengana kunakofanyika mara nyingi kuliko kule kunakofika mahakamani.

Uchukuliwe mfano wa mume na mke wa Morogoro, mfano wa kutungwa lakini unaofanana na nyumba nyingi. Mume alikuwa mwalimu wa sekondari, akastaafu kwa lazima alipotimiza miaka 60. Mke ana miaka 55, anashona na kuuza vitenge. Wameishi katika ndoa miaka 33 na wana watoto watatu. Wa mwisho amekwenda chuo Dodoma. Jioni yao huenda hivi: mke anapakua chakula, anakifunika kwa kawa juu ya meza, anarudi chumbani na simu yake. Mume anamaliza taarifa ya habari ya saa mbili, anafunua kawa, anakula peke yake, anafunika mabaki. Umeme unapokaribia kuisha, mke hanyanyui sauti. Anamtumia mumewe aliye chumba cha pili picha ya mita. Mume ananunua, anamrushia tarakimu za tokeni. Tarakimu ishirini ndizo mazungumzo ya siku hiyo. Hawagombani. Ukimuuliza jirani, atasema hii ni ndoa ya kupigiwa mfano.

Kutogombana huko ndiko kunakopotosha. John Gottman na Robert Levenson, watafiti wa Marekani, waliwafuatilia wanandoa kwa muda wa miaka 14 na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Waliona njia mbili tofauti za ndoa kuvunjika. Wanaoachana mapema, katika miaka ya mwanzo, ni wale wenye ugomvi mkali na maneno ya kuumizana. Wanaoachana baadaye sana ni wa aina nyingine: hawana makelele, ila pia hawana kicheko, hawana udadisi wa mmoja kwa mwenzake, hawana mzaha. Mabaya yalikuwa machache, lakini mazuri yalikuwa yamekauka. Ndiyo maana ukimya wa nyumbani haupimwi kwa kuhesabu magomvi.

Kitu cha kuhesabu ni kingine, na Gottman ndiye aliyekiweka wazi. Wanandoa hupeana siku nzima miito midogo ya kutaka kuangaliwa, na mara nyingi miito hiyo haina sura ya jambo kubwa. Mke anasema, "Mwembe wa jirani umeanza kutoa maua." Habari si mwembe, anaomba mwenzake ainue uso. Mume akisema, "Eeh, mwaka huu umewahi," mwito umeitikiwa. Asiposema kitu, au akasema "Sasa mimi nifanyeje?", mwito umedondoka. Mwito mmoja ukidondoka si kitu. Ikidondoka mwaka mzima, anayeita huacha kuita, na hapo nyumba hunyamaza. Mume na mke wa Morogoro hawakuamua siku moja kuacha kuzungumza. Kila mmoja aliacha kuita kwa wakati wake, na kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba ni mwenzake aliyetangulia.

Kuondoka kwa watoto, kwa hiyo, hakuleti ugonjwa, kunaondoa pazia. Kwa baadhi ya ndoa kunaleta hata nafuu. Sara Gorchoff na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti uliowafuata kwa miaka 18 wanawake waliosoma katika chuo kimoja cha California, na waliona kuwa kuridhika kwao na ndoa kuliongezeka walipofikia umri wa watoto kuondoka. Hawakuongeza saa za kukaa na waume zao. Walizifurahia zaidi zile walizokuwa nazo. Wanawake hao ni Wamarekani wenye elimu na kipato, na nyumba zao hazifanani na za Morogoro au Mombasa. Hata hivyo kinachoonekana pale kinafaa kushikwa: nyumba ileile iliyoondokewa na watoto inaweza kuwapa wawili nafasi, au ikawaonyesha kuwa nafasi wanayo na hawajui la kuifanyia.

Kabla ya kuilaumu ndoa, mwili unapaswa kuangaliwa, kwa sababu watoto huondoka katika umri uleule ambao mwili nao unabadilika. Kwa wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Joto la ghafla na usingizi wa kukatika humchosha, ukavu ukeni hufanya tendo la ndoa liume, na mke huanza kukwepa kitanda bila kutoa sababu. Kwa upande wa mume, kisukari, shinikizo la damu na baadhi ya dawa zake hupunguza nguvu za kiume, naye hukwepa kwa aibu. Hapo kila mmoja husoma ukwepaji wa mwenzake kuwa ni kukataliwa. Mke anahisi amezeeka mbele ya macho ya mumewe. Mume anahisi hatamaniki. Na wote wawili wangeweza kusaidiwa katika kliniki, kwa ushauri na dawa zisizo za ajabu. Masikio nayo yasisahauliwe. Mwanamume wa miaka 60 aliyepungua usikivu haitiki kwa sababu hajasikia, na mkewe, aliyechoka kurudia, anaacha kusema.

Sonona pia hujifanya upweke wa ndoa. Njia ya kutofautisha ni kuangalia ubaridi unaishia wapi. Mtu ambaye bado anachangamka akiwa na marafiki, kwenye kwaya au shambani, na hufifia anapoingia kwake, tatizo lake liko katika uhusiano. Mtu ambaye ladha imepotea kila mahali, halali vizuri, hana hamu ya chakula wala ya wajukuu, na hali hiyo ikadumu zaidi ya wiki mbili, anahitaji kuonwa na daktari kwanza. Kuachana hakutamponya, ataibeba hali hiyo hadi nyumba ya pili.

Na liko swali la kuulizwa kabla ya yote hayo: je, nyumbani kuna ukimya, au kuna hofu? Vipigo, vitisho, kunyimwa matibabu au pesa ya chakula, kufungiwa ndani, havimo katika mazungumzo haya ya kurudisha ukaribu. Hayo ni madhara, na mahali pake ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kumwambia mtu anayepigwa ajifunze kuitikia miito ya anayempiga ni kumwongezea mzigo.

Panapokuwa na ukimya tu, kurudisha ukaribu huanza na vitu vidogo kuliko watu wanavyotarajia. Watoto wenye uwezo hupenda kuwalipia wazazi safari ya Zanzibar au sherehe ya miaka 30 ya ndoa. Sherehe hupendeza, picha husambaa, na Jumatatu kawa inarudi mezani. Wawili wasiozoea kuzungumza nyumbani hawana cha kuzungumza ufukweni. Kinachofaa zaidi ni kula pamoja, simu zikiwa mbali, hata kama dakika ishirini za mwanzo zitapita kimya. Katika mfano wa Morogoro hatua ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo: mke aliacha kufunika chakula. Alipakua, akaketi, akasubiri. Siku ya kwanza mume aliuliza kama kuna mgeni.

Kinafuata kikao kimoja cha kusema ukweli, na hapo ndipo wengi huanguka. Mwenye kuanza akifungua kwa "Wewe siku zote..." mwenzake huingia katika utetezi, na ndani ya dakika tano wamefika kwenye jambo la miaka kumi na tano nyuma. Sentensi inayopenya ni ile inayoeleza hali ya msemaji na tukio moja linaloonekana: "Jioni nikikaa chumbani nakusikia ukicheka na televisheni, nami natamani ningekuwa mimi." Hiyo ni ngumu kuitamka kwa watu waliolelewa kuamini kwamba mtu mzima hasemi yanayomuuma, na kwa wanaume wengi ni ngumu zaidi. Wapo ambao huandika. Ujumbe wa simu, uliokuwa chombo cha kurushiana tokeni, unaweza kubeba na hilo.

Jambo la zamani halikwepeki hata hivyo. Katika ndoa nyingi ndefu kuna kidonda kimoja ambacho hakijawahi kutajwa tangu siku kilipotokea. Kwa hawa wawili kilikuwa kiwanja. Miaka kadhaa nyuma mume aliuza kiwanja walichonunua pamoja ili kumlipia mdogo wake deni, na mke alisikia habari hizo kwa mnunuzi. Hakupiga kelele, kulikuwa na watoto wa kusomesha. Kuanzia hapo aliacha kumwambia mumewe mipango yake ya biashara. Mume alijua mkewe amebadilika, ila aliliweka jambo hilo kwenye hesabu ya uzee. Msamaha wa jumla, ule wa "kama nimekukosea nisamehe", haugusi kidonda cha namna hii. Huomba kusamehewa bila kusema nini. Unaogusa hulitaja jambo lenyewe: niliuza bila kukwambia, ukaaibika mbele ya mnunuzi, na nilijua ukiambiwa utakataa. Baada ya kusema hivyo msemaji hana budi kukaa kimya asikilize, hata kama ni kwa saa nzima, hata kama anayosikia ameyasikia.

Wawili wakishindwa peke yao, desturi inawapeleka kwa wazee, kwa mshenga aliyesimamia posa, kwa shehe au mchungaji, na kwa pwani mke huenda kwa somo yake. Ndoa za Kiislamu zina utaratibu ulio wazi katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, wa kuteua msuluhishi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Taasisi hizi zimeokoa ndoa nyingi, lakini zina udhaifu mmoja mbele ya upweke: zimeundwa kusikiliza kosa. Kikao cha wazee huuliza nani kamkosea nani, kikampa faini mkosaji, kikawashikanisha mikono. Mke akisema, "Mume wangu hanipigi, hanywi, hela anatoa, ila hatuzungumzi," wazee hutazamana. Hakuna mshtakiwa. Jibu huwa ni kuvumilia, na mara nyingi mwanamke huondoka akiwa na upweke na lawama ya kutoshukuru juu yake. Msuluhishi anayefaa hapa ni yule atakayewaacha waongee wao, akazuia matusi na akarudisha swali lilipokwepwa. Afisa ustawi wa jamii aliyezoea kazi hiyo anaweza kufaa kuliko mjomba mwenye heshima, kwa sababu mjomba ana upande.

Jaribio la kurudisha ukaribu linahitaji muda uliotajwa, kwani lisilo na mwisho hugeuka kuwa ukimya uleule wenye jina jipya. Miezi sita ni kipimo cha haki: inatosha kwa mazoea kubadilika, na haitoshi kwa mtu kujidanganya. Dalili kwamba linafanya kazi si mapenzi ya ujana kurudi. Ni kwamba mmoja anaanza tena kusimulia mambo yasiyo na faida, mwembe wa jirani na mengineyo. Kwamba wanacheka kitu kimoja. Kwamba ugomvi unaweza kutokea na ukaisha siku hiyohiyo. Ndiyo, ugomvi mdogo katika nyumba iliyokuwa imenyamaza ni habari njema. Dalili ya kushindwa ni dharau. Mmoja akizungusha macho kila mwenzake anapofungua mdomo, akimnyoosha mbele ya wageni, au akisema waziwazi kwamba hana haja na jaribio hilo, miezi iliyobaki haitaleta kitu. Ndoa haijengwi na mikono ya upande mmoja.

Mbali na kupatana na kuachana, kuna njia ya tatu ambayo baadhi ya waume huichukua bila kuitangaza, nayo ni kuongeza mke, hasa kiinua mgongo kinapoingia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaruhusu ndoa ya wake wengi na inampa mke aliyepo nafasi ya kuweka pingamizi. Kama tiba ya upweke, njia hii huwahamisha watu bila kulihamisha tatizo: mume asiyeweza kuzungumza na mke wa miaka 33 anaanza upya na mke asiyemjua, akiwa na pensheni ya mwezi badala ya mshahara na watoto wadogo wa kulipia ada akiwa na miaka 70.

Panapobaki kutengana, Tanzania Bara ina utaratibu wake chini ya sheria hiyo ya 1971, wakati Zanzibar ina mfumo wake na mahakama za kadhi. Sheria inatofautisha mambo mawili ambayo mitaani huchanganywa. Amri ya kutengana huwaondolea wawili wajibu wa kukaa pamoja, lakini ndoa inabaki. Talaka huvunja ndoa. Kwa Mkatoliki tofauti hii ina uzito wa pekee, kwa kuwa Kanisa linaweza kukubali wawili waishi mbalimbali huku likishikilia kwamba kifungo cha ndoa kingalipo. Wapo pia wanaotengana kwa makubaliano yao tu, bila mahakama, na kwa watu wa makamo wasio na nia ya kuoa au kuolewa tena hilo huweza kutosha, mradi matumizi, nyumba na matibabu viandikwe na kushuhudiwa.

Anayetaka talaka hawezi kwenda mahakamani moja kwa moja. Kifungu cha 101 kinamtaka kwanza apeleke mgogoro katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, kwa mfano pale mwenzake alipomtelekeza na hajulikani aliko. Mabaraza haya yapo katika kata, na jumuiya za dini nazo zina yake yaliyotambuliwa. Baraza huwaita wote wawili na kuwasikiliza; likishindwa kuwapatanisha hutoa hati inayosema hivyo. Kisha ombi hufunguliwa mahakamani, na Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kulipokea. Muislamu aliyepitia Baraza, kisha talaka ikatolewa kwa sharia, mahakama huchukulia hatua hizo kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika.

Mahakama haitoi talaka mpaka iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kifungu cha 107 kinataja mambo yanayoweza kuwa ushahidi: uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa makusudi, kutengana kwa hiari kwa muda usiopungua miaka mitatu, na mengine. Upweke haumo kwa jina. Haina maana kwamba mlango umefungwa, kwa sababu hakimu huangalia mwenendo mzima wa ndoa. Ina maana kwamba mwombaji lazima aonyeshe mambo yanayoonekana. Hapo safari za kulea huleta utata. Mke aliyekaa Dar es Salaam miaka mitatu anaweza kudhani muda wake umetimia, kumbe alikwenda kwa baraka za mumewe kulea mjukuu. Kinachotafutwa ni nia ya kutengana, na nia hiyo haikuwahi kutamkwa na yeyote.

Suala la mali ndilo linalowatisha wengi, hasa wanawake ambao nyumba na kiwanja vimeandikwa kwa jina la mume. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikizingatia mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na ikielekea kwenye usawa. Kwa muda mrefu ilibishaniwa kama kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango. Mahakama ya Rufani ililijibu swali hilo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango. Wanaolitaja shauri hilo husahau jinsi lilivyoisha. Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa yake, kwa kuwa mahakama iliona alikwisha kutapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Kanuni ikabaki, na wanawake wengi baada yake wakaitumia. Nchini Kenya, Mahakama ya Juu ilisema mwezi Januari 2023 kwamba mgawanyo wa nusu kwa nusu haujitokezi wenyewe. Kila mmoja huthibitisha mchango wake, na kazi za nyumbani zinahesabiwa humo.

Kwa hiyo kabla ya kufika huko, karatasi zinapaswa kuwa mkononi: hati au barua ya ununuzi wa kiwanja, stakabadhi za mabati na saruji, cheti cha ndoa, daftari la vicoba. Mke wa Morogoro alizikuta risiti za tofali alizonunua kwa fedha ya vitenge ndani ya bati la biskuti, pamoja na kadi za kliniki za watoto. Wakati ndoa ingali hai, sheria inamlinda kwa jambo jingine pia: mume hawezi kuuza nyumba wanamoishi bila ridhaa yake.

Hesabu ya baada ya kuachana nayo ifanywe kwa kalamu. Pensheni iliyotosha sufuria moja inagawanywa kwa mbili. Mwenza aliyekuwa tegemezi kwenye bima ya afya ya mwenzake anaweza kubaki bila kadi, katika umri ambao dawa za presha hazikosekani. Kwa Waislamu, talaka ikikamilika na edda ikaisha, mirathi kati yao imekatika; mke aliyekuwa na fungu lake la thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ana watoto, hana tena fungu. Edda yenyewe, kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ni miezi mitatu ya mwandamo. Watoto wakubwa pia huumia kuliko inavyodhaniwa, na aghalabu hugawanyika, mmoja akamchukua mama na mwingine akaacha kupokea simu za baba. Hao waambiwe na wazazi wote wawili wakiwa pamoja, mapema, wala wasifanywe mahakimu.

Wale wa Morogoro walikwenda Barazani, wakapewa hati. Hawakuifikisha mahakamani. Mke alikwenda Dar es Salaam kwa mjukuu, kwa mwezi mmoja uliotajwa siku yake ya kurudi, na kwa mara ya kwanza mume alipiga simu kila jioni bila kuwa na la kuuliza. Chumba bado wanalala mbalimbali, kwa sababu ya kukoroma, wasema. Hati ya Baraza haidumu milele: ombi la talaka lazima lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu ilipotolewa. Ikipita hiyo, anayetaka talaka hurudi Barazani na kuanza upya.